ELIMU KWA UMMA: Namna ya Kusoma Tathmini ya Athari kwa Mazingira ya Machimbo ya Mawe

Mahitaji ya kokoto katika Nyanda za Juu Kusini yameongezeka kutokana na upanuzi wa barabara kuu ya TANZAM jijini Mbeya, ujenzi wa barabara za wilaya, na ujenzi wa madarasa na zahanati. Kokoto hizo hutoka katika milima iliyo jirani na vijiji. Machimbo ya Kongolo mkoani Mbeya, yanayomilikiwa na TAZARA, yametoa kokoto za kutandikwa chini ya reli tangu enzi za reli hiyo iliyokabidhiwa mwaka 1976, na ni ushahidi kwamba machimbo ya mawe huishi muda mrefu kuliko mkataba wa barabara moja. Kwa sababu hiyo, kijiji kinachoombwa kupokea machimbo mapya kinaamua jambo litakaloigusa pia miaka ya watoto wake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mwenye mradi wa aina hiyo afanye Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kuanza kazi. Taarifa yake hupelekwa kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, ambalo lina ofisi ya kanda jijini Mbeya. Taarifa hiyo huwa nene na yenye lugha ya kitaalamu, lakini kanuni zinataka iambatane na muhtasari wa lugha nyepesi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Muhtasari huo ndio unaopaswa kufika mikononi mwa wananchi.

Moyo wa taarifa ni mnyororo wa mambo matatu: athari, hatua ya kuipunguza, na kipimo cha kuonyesha kama hatua hiyo imefanya kazi. Athari isiyo na hatua ni malalamiko tu. Hatua isiyo na kipimo ni ahadi tu. Makala hii inaeleza mnyororo huo kwa mfano mmoja ulioandaliwa kwa ajili ya somo hili.

Mradi wa mfano

Ichukuliwe kwamba mwenye mradi anaomba kuchimba mlima wa granaiti, unaofanana na milima ya mawe makubwa inayouzunguka mji wa Iringa. Nyumba ya karibu zaidi iko mita 300 kutoka ukingo wa machimbo. Nyingi kati ya nyumba za kitongoji hicho zimejengwa kwa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo. Chini ya mlima ipo chemchemi inayotegemewa na kaya za kitongoji. Mashine ya kusaga kokoto, ambayo wengi huiita kresha, itafungwa upande wa barabara.

Swali la kwanza ni la umbali. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hairuhusu mwenye leseni kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa bila idhini ya maandishi ya mkaaji halali. Kwa shamba lililolimwa, umbali huo ni mita 50. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nyumba ya mita 300 imevuka kiwango cha idhini, na hapo baadhi ya wenye miradi husema kwamba suala la usalama limekwisha. Halijakwisha. Mita 200 ni umbali wa kuomba ruhusa. Haukuwekwa kama kipimo cha mahali ambapo jiwe lililorushwa na baruti litaangukia. Wakati wa kulipua, eneo ambalo watu wote huondolewa mara nyingi hupangwa kuwa na nusu kipenyo cha mita 500. Kaya ya mita 300 itatakiwa kuondoka nyumbani kila siku ya mlipuko, kwa miaka yote ya mradi. Taarifa nzuri hulitaja jambo hilo waziwazi, ikieleza kaya hizo ni ngapi, zitaelezwa vipi, na mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea atasaidiwa na nani.

Athari ya kwanza: mtikisiko na mawe yarukayo

Mwamba hupasuliwa kwa kutoboa matundu, kuyajaza baruti na kuilipua. Sehemu kubwa ya nguvu hupasua jiwe, na inayobaki husafiri ardhini kama mtikisiko. Wataalamu huupima kwa kasi ya ardhi inapotikisika, katika milimita kwa sekunde. Viwango vya Kijerumani vinavyotumiwa katika nchi nyingi huweka milimita 5 kwa sekunde kuwa kikomo cha nyumba za kawaida za makazi kwa mitikisiko ya polepole, na milimita 3 kwa majengo dhaifu. Nyumba ya tofali zilizounganishwa kwa udongo inastahili kutazamwa kwa kikomo cha pili.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba ukubwa wa mtikisiko hautegemei sana jumla ya baruti ya siku. Unategemea uzito unaolipuka kwa wakati mmoja. Katika mradi wa mfano, matundu ni 12 na kila tundu lina kilo 50 za baruti, hivyo jumla ni kilo 600. Kwa kanuni ya makadirio inayotumika sana katika fani hii, matundu yote yakilipuka kwa pamoja, nyumba ya mita 300 itapata mtikisiko wa takriban milimita 21 kwa sekunde. Yakilipuka moja baada ya jingine, yakiachana kwa sehemu ndogo sana za sekunde, mtikisiko hushuka hadi takriban milimita 3. Baruti ni ileile na jiwe linalopatikana ni lilelile, ila nyumba imenusurika.

Kwa hiyo, sentensi isemayo "milipuko itafanyika kwa uangalifu" haimwelezi mwananchi chochote. Sentensi inayotakiwa hutaja uzito wa juu wa baruti utakaoruhusiwa kulipuka kwa wakati mmoja. Pia hutaja mlipuko wa majaribio, kwa sababu kila mwamba hupitisha mtikisiko kwa namna yake na makadirio ya mezani yanaweza kupotoka. Katika mfano huu makadirio yamegusa kikomo cha majengo dhaifu, hivyo mlipuko wa majaribio unapaswa kuanza na uzito ulio chini ya kilo 50.

Mawe yarukayo yana sababu yake tofauti. Kwa kawaida hutokea pale tundu lilipojazwa baruti hadi karibu na mdomo, pale kokoto za kushindilia juu ya baruti zilipokuwa chache, au pale ukuta wa mwamba mbele ya tundu ulipokuwa mwembamba kuliko ilivyodhaniwa. Dalili huonekana kwa macho. Jiwe likiokotwa nje ya eneo lililopangwa, hata kama halikumgusa mtu, kuna kosa katika upangaji wa mlipuko huo. Jiwe hilo linapaswa kuandikwa katika daftari pamoja na mahali lilipookotwa, na mlipuko unaofuata usubiri hadi sababu ipatikane.

Hali ya hewa ya nyanda za juu nayo ina nafasi yake. Asubuhi za Juni hadi Agosti, hewa baridi hutulia mabondeni chini ya hewa yenye joto zaidi. Tabaka hilo hurudisha chini sauti ya mlipuko, na kishindo husikika kwa nguvu hata vijiji vya mbali. Mlipuko uleule ukifanyika adhuhuri, baada ya jua kuichanganya hewa, kishindo hupungua. Hatua hii haina gharama kubwa: ratiba iseme milipuko itakuwa kati ya saa 6 mchana na saa 9 alasiri, kwa siku zilizotangazwa.

Athari ya pili: vumbi

Vumbi la machimbo halifanani kila mahali, na hapa Mbeya na Iringa hutofautiana. Granaiti ya Iringa ina madini ya kwatzi kwa wingi. Mwamba mweusi wa volkano unaopatikana kuuzunguka Mlima Rungwe, uitwao basalti, una kwatzi kidogo sana au hauna kabisa. Kwatzi ikisagwa hutoa chembechembe za silika zisizoonekana kwa macho, ambazo huingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna tiba ya kuurudisha nyuma, na humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Taarifa iliyoandikwa kwa ajili ya machimbo ya basalti haiwezi kunakiliwa kwa machimbo ya granaiti, hata kama mashine ni zilezile.

Walio hatarini zaidi ni wafanyakazi wa kresha na watobozi. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii chembechembe hizo. Hatua zinazofaa ni kutoboa kwa kutumia maji, kunyunyizia maji mahali jiwe linapoingia na kutoka katika kresha, kufunika mikanda inayobeba kokoto, na barakoa maalumu za kuchuja chembe ndogo. Kwa wakazi, kresha iwekwe mahali ambapo upepo wa kiangazi hautalipeleka vumbi kitongojini, na barabara ya vumbi inyunyiziwe maji.

Hapo ndipo hatua moja inapozaa athari nyingine. Ichukuliwe kwamba kunyunyizia kunahitaji magari mawili ya maji kwa siku, kila moja likibeba lita 10,000, yaani lita 20,000 kwa jumla. Chemchemi ya mfano inajaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 40. Hiyo ni nusu lita kwa sekunde, au lita 43,200 kwa siku nzima. Maji ya vumbi yakichotwa hapo, karibu nusu ya maji ya kitongoji yatamwagwa barabarani, tena wakati wa kiangazi ambapo vumbi ni jingi na maji ni machache. Taarifa inayoahidi kunyunyizia maji lazima itaje maji hayo yatatoka wapi. Jibu linalofaa mara nyingi ni bwawa la kukusanya maji ya mvua ndani ya eneo la machimbo. Maji ya mto au ya kisima cha mradi yanahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde husika. Bodi ya Bonde la Rufiji ina ofisi Iringa, na ya Bonde la Ziwa Rukwa ina ofisi Mbeya.

Athari ya tatu: chemchemi

Maji ya chemchemi nyingi za milimani hupita katika nyufa za mwamba. Machimbo yakibaki juu ya usawa wa maji yaliyo ardhini, hatari huwa ndogo. Yakichimbwa chini ya usawa huo, maji huanza kuvujia ndani ya shimo, na mwenye mradi huyavuta kwa pampu ili aendelee kuchimba. Maji yanayovutwa huenda ndiyo yaliyokuwa yakielekea kwenye chemchemi. Kwa sababu hiyo, taarifa inapaswa kutaja kina cha mwisho cha shimo na usawa wa maji uliopatikana kwa kutoboa visima vya uchunguzi. Hatua iliyo imara kuliko zote ni kuweka sakafu ya shimo juu ya usawa wa maji wa msimu wa mvua.

Upimaji wa chemchemi ni kazi ambayo kamati ya maji ya kijiji inaiweza. Vifaa ni ndoo ya lita 20 na saa. Ndoo hujazwa mara tatu, sekunde huandikwa, na wastani wake huwekwa katika daftari kila mwezi. Kosa la kuepuka ni kulinganisha Machi na Oktoba, kwa sababu kila chemchemi hupungua kiangazi. Oktoba ilinganishwe na Oktoba. Ipimwe pia chemchemi nyingine iliyo upande wa mbali, isiyoweza kuguswa na machimbo. Ikiwa zote mbili zimepungua kwa kiasi kinachokaribiana, huenda sababu ni uhaba wa mvua. Ikiwa iliyo chini ya machimbo imetoka sekunde 40 hadi sekunde 80 ilhali nyingine haijabadilika, machimbo yanapaswa kutoa maelezo.

Hali ya awali: kipimo kisichorudiwa

Vipimo vyote vilivyotajwa vina sharti moja: vianze kabla ya mlipuko wa kwanza. Hali hiyo huitwa hali ya awali, na ikipita haiwezi kupimwa tena. Kwa chemchemi, daftari linapaswa kupita angalau msimu mmoja wa mvua na kiangazi kimoja.

Kwa nyumba, ukaguzi wa nyufa ndio unaoamua migogoro mingi. Nyumba za tofali hupata nyufa kwa sababu nyingi, zikiwamo msingi kutulia na udongo kuvimba na kusinyaa kwa misimu. Mwenye nyumba akilalamika baada ya mlipuko, mwenye mradi atasema ufa ulikuwapo. Bila kumbukumbu, hakuna anayeweza kuthibitisha. Ukaguzi sahihi hupiga picha ya kila ukuta, huweka rula kando ya kila ufa ili upana uonekane, na huchora alama ya penseli na tarehe mahali ufa unapoishia. Fomu husainiwa na mwenye nyumba, mwenyekiti wa kitongoji na mwakilishi wa mradi, na kila mmoja hubaki na nakala. Ufa ukivuka alama ya penseli, tarehe huonyesha umevuka lini, na kumbukumbu ya mtikisiko wa siku hizo huonyesha kama machimbo yanahusika.

Baada ya jiwe kwisha

Shimo lililoachwa wima hujaa maji, huzaa mbu, na huua watoto na mifugo. Ukarabati wake hauanzi mwaka wa mwisho. Udongo wa juu wenye rutuba hutolewa na kuhifadhiwa pembeni siku ya kwanza, kwa kuwa ukichanganywa na vifusi haupatikani tena. Kuta huchongwa kwa ngazi kadiri uchimbaji unavyoshuka, kwani mashine zikishaondoka hakuna atakayerudi kuzichonga. Fedha za kazi hiyo zinapaswa kuwekwa kama dhamana wakati mradi ungali na mapato. Taarifa ikisema tu kwamba "eneo litapandwa miti", iulizwe udongo wa kupandia miti hiyo umehifadhiwa wapi.

Muhtasari wa mpango wa ufuatiliaji kwa mradi wa mfano

1. Mtikisiko: uzito wa baruti kwa wakati mmoja uwe na kikomo, kifaa cha kupimia kiwekwe kwenye nyumba ya karibu kila mlipuko, kikomo ni milimita 3 kwa sekunde, matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji.
2. Mawe yarukayo: watu waondolewe ndani ya mita 500, jiwe lolote lililovuka eneo liandikwe, milipuko isimame hadi sababu ijulikane.
3. Vumbi: maji kwenye kresha na barabarani, kutoka chanzo kilichotajwa, wafanyakazi wapimwe mapafu kabla ya kuajiriwa na kila mwaka.
4. Chemchemi: sakafu ya shimo ibaki juu ya usawa wa maji, ndoo na saa kila mwezi, kwa chemchemi mbili, kamati ya maji itunze daftari.
5. Nyumba: ukaguzi wa nyufa kabla ya mlipuko wa kwanza, kisha kila baada ya miezi sita.
6. Shimo: udongo wa juu uhifadhiwe, ngazi za kuta zikaguliwe kila mwaka, dhamana ya ukarabati iwepo.

Kila mstari unataja kitu kinachoweza kuonekana, kuhesabiwa au kuandikwa. Mstari wowote wa taarifa halisi usioweza kugeuzwa hivyo unapaswa kurudishwa kwa mwandishi wake.

Nafasi ya mwananchi

Mwenye mradi anatakiwa kuutangaza mradi na kukusanya maoni ya wanaoguswa, ikiwa ni pamoja na kwa mikutano ya hadhara. Katika mkutano huo, hoja inayobaki katika muhtasari ni ile yenye jambo mahususi. "Hatuutaki vumbi" huandikwa kama hisia. "Maji ya kunyunyizia yatatoka wapi mwezi Oktoba?" hudai jibu, na jibu hilo likiingia katika taarifa, linaweza kufanywa sharti la cheti cha mazingira. Mwenye cheti anayekiuka masharti anaweza kuchukuliwa hatua, na cheti chenyewe kinaweza kusitishwa au kufutwa.

Mahudhurio yaandikwe kwa majina na saini, na muhtasari wa mkutano usomwe kabla ya kusainiwa. Orodha ya mahudhurio si idhini ya mradi. Inathibitisha tu waliokuwapo.

Mwananchi anayehitaji muhtasari wa Kiswahili wa mradi uliotangazwa katika kijiji chake, au fomu ya ukaguzi wa nyufa, afike kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ambaye atawasiliana na Afisa Mazingira wa Wilaya. Daftari la chemchemi halihitaji kusubiri mradi wowote: kamati za maji zinaweza kulifungua mwezi huu.